Usiniambie Katuma Ngapi

Hapa Diani, binti akisema ana mchumba Ulaya, swali la kwanza analoulizwa si jina la huyo mchumba. Si kazi yake wala dini yake, wala kama ana mke. Anaulizwa, "Anatuma?" Akijibu ndiyo, swali la pili ni "Ngapi?" Baada ya hapo kikao kimefungwa na hukumu imetoka. Anayetuma elfu tano anachezea mtoto wa watu, anayetuma elfu kumi na tano ni mume mtarajiwa, na anayetuma elfu hamsini huitwa mkwe kabla hajakanyaga uwanja wa ndege.

Mimi nina saiba Ukunda. Kazi yangu ni kuchapa barua, kutoa nakala za vitambulisho na kujaza fomu za viza kwa watu ambao wenyewe wangependa kuzijaza lakini zinawachanganya. Kwa hiyo mapenzi ya mbali nayaona kutoka upande ambao mashoga na mama wakwe hawauoni, upande wa karatasi. Na ninasema hivi bila kumung'unya maneno: kipimo chetu cha pesa ni kibovu. Kinawapoteza mabinti wetu miaka yao, kinawapoteza na vijana wa ufukweni wanaosubiri mama wa Kizungu arudi, na tunaokieneza ni sisi watu wazima.

Tuanze na hiyo pesa yenyewe, maana inaheshimika sana. Shilingi elfu kumi na tano kwa mwezi ni takriban euro 100. Hapa Ukunda hiyo ni kodi ya chumba, unga, na karo ya mdogo wako ikibaki. Sasa ivushe bahari uitazame ikiwa kule. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara Ujerumani kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Mtu wa mshahara wa chini kabisa, anayefagia stesheni au kuosha vyombo hotelini, akifanya kazi saa 8 amezitengeneza euro 100 kabla ya kodi. Yaani mapenzi yanayokufanya ukatae wachumba wa hapa, kwake yanaweza kuwa kazi ya siku moja kwa mwezi. Sisemi ni pesa mbaya. Pokea, sema asante. Ninachosema ni kwamba kitu kinachobadilisha maisha yako kinaweza kuwa hakigusi maisha yake hata kidogo, na uzito wa mtu hupimwa kwa kinachomgusa yeye.

Pesa ina kasoro nyingine kubwa zaidi. Hutumwa kwa siri. Mtu anakaa chooni na simu yake, anabonyeza mara tatu, imefika. Mkewe hajui, mamake hajui, bosi wake hajui, serikali yake haina haja ya kujua. Na siku akichoka haitaji ruhusa ya mtu kuacha. Hata zile simu za video za kila usiku ni vivyo hivyo, kwa sababu mtu anaweza kukuita "mke wangu" akiwa ndani ya gari mbele ya nyumba yake, halafu akaingia ndani kula chakula na mke wake.

Basi kipimo ni kipi? Kwangu mimi ni swali moja: huyo mtu ametia sahihi nini, huko kwao, mbele ya ofisi inayoweza kumkagua?

Nitachukua Ujerumani kwa sababu Wajerumani ndio wateja wa mapenzi ninaowaona sana mezani kwangu. Mjerumani anayetaka kufunga ndoa Kenya huulizwa na ofisi ya msajili wa ndoa hapa alete cheti cha kuonyesha kwamba hana kizuizi cha kuoa au kuolewa. Cheti hicho hatoi balozi kwa kuombwa, wala mtu hajiandikii. Hutolewa na ofisi ya usajili wa ndoa ya mji anaoishi, baada ya ofisi hiyo kutazama kumbukumbu zake. Kama ana mke, hakipati, kwa sababu sheria ya Ujerumani hairuhusu ndoa mbili. Kama aliwahi kuoa, atatakiwa kuonyesha talaka ya mahakama. Na kikishatolewa kinadumu miezi 6 tu, kwa hiyo mtu hakichukui mapema akakiweka kabatini kwa ajili ya mchumba yeyote atakayempata.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo kipimo kilipo. Ile ofisi haiwezi kumpa cheti bila kujua anataka kumuoa nani. Itataka cheti chako cha kuzaliwa, nakala ya pasipoti yako, na uthibitisho kwamba wewe nawe hujaolewa. Kwa hiyo mtu aliyeanza kazi hiyo kweli lazima akuombe karatasi zako. Atakusumbua. Atakuuliza kwa nini jina la baba kwenye cheti lina herufi moja tofauti na kwenye kitambulisho. Atakuuliza kwa nini cheti cha kuzaliwa kimesajiliwa ukiwa na miaka 19, jambo ambalo kwetu Kwale ni la kawaida kabisa, ila kwa karani wa Ulaya linaonekana kama ujanja. Ukiona mpenzi ameacha maneno ya asali na ameanza kukuudhi kwa habari za mihuri, usimnunie. Huyo ameshakwenda ofisini. (Na hii ni kwa mtu uliyekutana naye ana kwa ana. Usimtumie pasipoti mtu ambaye humjui zaidi ya picha.)

Nina visa viwili, na majina nayaacha.

Dada mmoja, mfanyakazi wa hoteli, alikuwa na mchumba Mjerumani kwa miaka 2. Elfu kumi na tano kila mwezi, bila kukosa hata mara moja. Miezi 24, jumla shilingi 360,000. Kwao waliezeka mabati na kaka yake akaanza kumwita yule bwana "shemeji". Bwana alikuja mara 2, zote Desemba, wiki 2 kila mara. Alifikia hotelini, na kwao binti alienda mchana mmoja na zawadi.

Binti alikuja kwangu kuchapa barua ya kuomba viza ya kutembea. Nikamuuliza, "Amekutumia karatasi ya dhamana?" Hakuwahi kuisikia. Hiyo ni karatasi ambayo mwenyeji aliye Ujerumani huenda kuitia sahihi katika ofisi ya wageni ya mji wake. Hulipia euro 29, huonyesha hati za mshahara, na huahidi kwamba gharama zako zote ukiwa kule, hata ukiugua, ni juu yake. Serikali ikikutibu, inamdai yeye. Ubalozi wa Nairobi unaweza kukunyima viza hata ukiwa nayo, na hilo si kosa la mpenzi wako. Usimhukumu mtu kwa jibu la ubalozi. Mhukumu kwa kama alikwenda kutia sahihi au hakwenda.

Binti akamwandikia. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba ofisi za kwao ni ngumu. Miezi miwili baadaye, kwamba mapenzi hayahitaji karatasi. Mwezi wa nne, alipobanwa, akasema talaka yake bado haijakamilika. Hapo ndipo binti alipojua kuna mke.

Binti akataka kumsamehe, nami sikumwambia asimsamehe. Nilimwambia amuulize tarehe. Kule Ujerumani, kwa kawaida, mume na mke hutakiwa kwanza kuishi mbalimbali mwaka mmoja ndipo mahakama iwaachanishe. Kwa hiyo anayeachana kweli anajua siku walipotengana, kwa sababu mwaka wake anauhesabu kutoka siku hiyo, na anajua kama wakili wake ameshapeleka maombi mahakamani. Talaka inaweza kuchelewa, hasa mwenzake akipinga au wakigombania mali. Lakini talaka iliyochelewa ina tarehe, na talaka ya mdomoni haina. Yule bwana hakutoa tarehe. Aliongeza pesa. Mwezi ule alituma elfu ishirini na tano, na nyumbani wakashangilia.

Kisa cha pili ni cha binti wa Msambweni na dereva wa lori wa kule kule Ujerumani. Huyu alituma kidogo, elfu tatu, elfu nne, na miezi mingine hakutuma kitu. Shangazi zake binti walimwita bahili. Lakini alikuja mwezi Mei. Wenyeji mnaijua Diani ya Mei. Masika yamepamba moto, mwani umejaa ufukweni, hoteli kadhaa zimefunga, hakuna jua la kuota. Alilala kwa mama mkwe wiki 3, akaumwa na mbu, akala sima na mchicha.

Pigeni hesabu ya likizo, kwa sababu siku ni ghali kuliko pesa. Sheria ya Ujerumani inampa mfanyakazi wa siku 5 kwa wiki likizo isiyopungua siku 20 za kazi kwa mwaka. Waajiri wengi hutoa zaidi, lakini mfuko wenyewe una kikomo. Yule wa Desemba, akipanga vizuri karibu na Krismasi na mwaka mpya, wiki zake 2 zinaweza kumla siku 7 tu, kwa kuwa sikukuu hazihesabiwi, na siku zenyewe ni zile ambazo angekuja kuota jua hata kama wewe hujazaliwa. Wiki 3 za Mei zinakula sehemu kubwa ya likizo ya sheria, na lazima aombe ruhusa, na lazima watu wamuulize, "Unakwenda wapi wakati wa mvua?" Huyo amekuja kwako, hakuja Diani.

Dereva aliondoka na nakala za karatasi za binti ndani ya bahasha. Ilichukua miezi kabla ofisi ya mji wake haijaridhika na cheti cha kuzaliwa, na katika miezi hiyo mazungumzo yao, binti alinionyesha akicheka, yalikuwa makavu kama ya makarani wawili. Alimlipia nusu ya ada ya masomo ya Kijerumani, kwa sababu mke anayehamia kule kwa kawaida hutakiwa kufaulu mtihani wa ngazi ya kwanza, ile wanayoiita A1: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Mtihani hufanywa Goethe-Institut, Nairobi. Kila Jumapili alimsikiliza akisoma namba na siku za wiki kwa simu. Mkipenda muite huyo bahili.

Najua mtasema, "Na aliyejenga je?" Hapa Diani tuna wanaojenga. Mzungu ananunua ploti, anainua nyumba, jina kwenye hati ni la binti. Hapo msishangilie haraka. Katiba yetu ya 2010 hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa kukodi, kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa hiyo jina lako linaweza kuwa pale kwa mapenzi, na linaweza kuwa pale kwa sababu sheria imembana na wewe ndiye uliyekuwa karibu. Ukitaka kujua ni lipi, ulizia kama kuna mkataba mwingine ulioandikwa pembeni na kuwekwa kwa wakili.

Na mtasema, "Amesilimu, ameoa kwa shehe, amelipa mahari." Alhamdulillahi. Nikahi ni ndoa, sina neno juu yake. Lakini wazee wetu, tuseme ukweli. Nikahi haimtaki mwanamume athibitishe kwamba hana mke mwingine, kwa kuwa dini yenyewe inamruhusu kuwa naye. Kwa hiyo ukimpima kwa nikahi pekee, hujapata jibu la swali ulilokuwa nalo. Nimechapa barua za wanawake walioolewa Alhamisi na kuachwa uwanja wa ndege wiki iliyofuata, hawana hata cheti cha ndoa kilichosajiliwa, na bila cheti hicho ubalozini hakuna pa kuanzia. Mzee anayesimamia ndoa ya bintiye na mgeni aulize cheti cha kwao mgeni kwanza, kisha ndipo ubani ufukizwe.

Kipimo changu nacho kina mipaka yake, nami sitaificha. Wa kwanza ni kwamba kuna anayetaka na hawezi. Kama mpenzi wako yuko Uingereza, tangu Aprili 2024 anatakiwa kuonyesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka ndipo aombe kukupeleka kama mke au mume. Kabla ya hapo ilikuwa 18,600. Mtu anayelea wazee kwa zamu za nusu siku anaweza kukupenda mpaka akonde na asiifikie. Tofauti ya asiyeweza na asiyetaka ni kwamba asiyeweza anaijua ile namba. Atakwambia, "Nina 24,000, zimebaki 5,000, nimeomba zamu za usiku." Asiyetaka atakwambia serikali yao ni mbaya, na ataishia hapo. Na asiyeweza kukupeleka bado anaweza kuja, bado anaweza kuleta cheti chake, bado ndoa inaweza kufungwa hapa hapa.

Mpaka wa pili ni kwamba uzito si wema, wala si uelewano. Corinne Hofmann, yule Mswisi aliyeandika kitabu kuhusu ndoa yake na Msamburu, alimwona Lketinga kwenye feri yetu ya Likoni akiwa likizoni katika miaka ya 1980. Alirudi kwao, akauza alichokuwa nacho, akaja kuishi Samburu na kuzaa naye mtoto. Kama ni uzito, huo ulikuwa wa kuvunja mizani. Bado ndoa haikudumu, akarudi kwao na mtoto. Karatasi itakwambia kama mtu ana nia. Haitakwambia kama ana wivu, kama anapiga, au kama anatafuta mfanyakazi wa nyumbani asiyelipwa. Hayo utayajua kwa kukaa naye, na ndiyo maana zile wiki za Mei zina faida mbili.

Mwisho niwageukie vijana wetu wa ufukweni, wasije wakadhani nimewasemea wao tu. Huyo mama wa Hamburg naye ana haki ya kupima. Sheria yetu ya ndoa ya 2014 inataka ilani ya siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa ya kiserikali, itangazwe wazi, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Nimewaona wanaokuja kuniuliza kama kuna njia ya kuikwepa. Ukiniuliza hivyo, nimeshajua kuna mtu Kinango mwenye watoto wako. Nawe ni yule bwana wa Desemba, tofauti ni rangi tu.

Kwa hiyo, mama, bintiyo akikuletea habari za mchumba wa mbali, pokea unga ukiletwa, lakini usimuulize anatuma ngapi. Muulize yule bwana anakaa mtaa gani, na barua ya posta ikifika pale nani anaifungua. Muulize mara ya mwisho alikwenda ofisi gani kwa ajili yenu, na walimwambia nini. Mpe miezi 6, ndio muda wa cheti kimoja. Kama miezi 6 imepita na jibu bado ni "ofisi zetu ni ngumu", mwambie mwanao kwamba ngumu tunazijua. Hata sisi tulipanga foleni ya kitambulisho, na tulikipata.